Pole Iliyofika kwa Mshonaji

Mshonaji aliishi na fundi saa kwa miaka mingi bila ndoa. Fundi alipofariki, kaka yake ndiye aliyetia saini mochari, akachagua kaburi na kuamua msiba uwe nyumbani kwake. Watu walipeleka pole huko. Mshonaji alikatazwa hata kumuaga marehemu. Alibaki chumbani, akitamani kumwona mara moja tu.

Jioni, kinyozi jirani, aliyeitwa na ndugu kumnyoa marehemu, alibisha hodi.

"Pole, shemeji. Umefiwa na mumeo, waseme watakavyo."

"Alikuwaje?"

"Kama amelala. Nilimnyoa kwa upole, nisije nikasikia ukinifokea: 'Usimnyonyoe kama kuku!'"

Mshonaji akacheka, kisha akalia kwa mara ya kwanza.

"Kaa basi," alisema. "Nisimulie tena, polepole, uanzie usoni."