Makofi ya Mzee Absalom

"Nipeni maiki, hata kiziwi nitamuuzia redio!" Khisa alijigamba nje ya duka letu la elektroniki hapa Thika, na wapita njia wakamshangilia. Basi tangazo la ofa ya Fathers Day, siku ya akina baba, akaachiwa yeye. Bosi wetu, Mama Beth, alimpa sharti moja: "Chekesha, lakini baba ya mtu asiaibike."

Khisa akatii. Hakufanyia mzaha pombe wala kitambi cha baba yeyote. Kwenye bango aliandika tu: "Baba ameipiga redio makofi ya kutosha. Mnunulie mpya, betri ni bure." Watu walicheka, wakanunua.

Jumamosi baba yake, Mzee Absalom, akapitia dukani kumsalimia akitoka kwake Gitothua. Alisoma bango polepole. Yeye ndiye huipiga redio yake makofi kila asubuhi ili asikie habari.

"Kumbe ulikuwa unaona," akasema.

"Ah, baba, hiyo ni biashara tu."

"Sawa. Mimi nilidhani hujaona, ndiyo maana hujaninunulia."

Akaaga kila mtu kwa mkono, akaenda zake. Khisa akashika maiki, akatangaza bei kwa sauti iliyokwaruza. Redio na betri zake: shilingi elfu moja mia tisa hamsini.