Mashine Mbili za Kusaga

Kanisa letu pale Nyakatuntu lilikuwa na mashine ya kusaga nafaka, nami, mzee wa kanisa, ndiye niliyeisimamia. Mbele kidogo, kwenye barabara ile ile, tajiri mmoja alikuwa na ya kwake. Nyingine ilikuwa mbali mno kwa mtu mwenye debe kichwani.

Miaka ile ya tisini dizeli ilipanda, tukaongeza bei. Wateja wakapungua. Jumapili, baada ya ibada, niliwauliza waliotuacha. Katika kila kumi, saba walisagia kwa tajiri. Watatu walirudia kinu. Tukaishusha bei upesi.

Harusini nilimtania tajiri: "Tumekulisha bure! Saba katika kila kumi wamekimbilia kwako."

Alicheka, kisha akauliza tena, polepole: "Saba, Mzee?"

Haukupita muda akaliomba baraza la kanisa tuunganishe mashine, yeye aongoze zote, faida tugawane nusu kwa nusu. Paa la kanisa lilikuwa likivuja. Baraza likamshukuru Mungu. Mimi nikamfuata dukani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bei itakuwaje?"

"Sikufichi. Leo mkipandisha, wale saba mmewapoteza. Mimi kila debe hunibakizia shilingi arobaini, nikishatoa dizeli na ujira. Tukiungana, anayewakimbia ninyi anaangukia kwetu sote."

Nikapiga hesabu. "Saba mara arobaini, mia mbili na themanini; igawe kwa wale kumi. Kwa hiyo kila mteja atakayetukimbia atarudisha shilingi ishirini na nane mfukoni mwetu."

"Mzee, umekosea kazi! Ungekuwa mfanyabiashara."

"Na tukinunua dizeli pamoja, tutaokoa kiasi gani?"

"Tano kwa debe. Labda sita."

Nikaelewa. Sikujua bei ingepanda kiasi gani, ila nilijua inasukumwa upande gani: tano ya kuivuta chini, ishirini na nane ya kuisukuma juu. Na ile saba nilimpa mimi, kwa mdomo wangu.

Nililieleza baraza hayo yote. Mwinjilisti akanitazama kwa huruma. "Mzee wetu, unataka tuendelee kunyeshewa madhabahuni?" Nikawa wa mwisho barazani kutia sahihi.

Bei mpya ilipoanza, alikuja mama mmoja mwenye asili ya Burundi, kibarua wa mashamba ya kahawa, aliyelipwa ujira wake kwa mahindi. Alisikia bei, akatazama kule mbele, kwenye mashine ya tajiri.

"Na kule, Baba?"

"Ni ile ile, mama."

Alilirekebisha debe lake kichwani. Kinu chake, alisema, kilikuwa kimepasuka. Kisha akalitua miguuni pangu.

Mvua inyeshapo sasa, nasali pakavu, na ninashukuru kweli. Lakini nikisikia bati likilia, humwona akitua debe.