Fundo la Utosini

Nilifungua saluni Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa na vitu vinne: kitana cha chuma cha kunyooshea nywele, jiko la mkaa, soksi nyeusi ya shule, na majivuno. Majivuno ndiyo yaliyokuwa mengi kuliko vyote. Nilikuwa nimekaa Arusha miezi mitano kwa msusi mmoja. Miezi minne nilifagia nywele sakafuni kwake, wa tano akanifundisha fundo la utosini. Nikarudi nyumbani najiona profesa.

Fundo lenyewe ni hivi. Unanyoosha nywele kwa kitana cha moto, unazivuta zote mpaka utosini, unazifunga kwa mpira, zinakuwa mkia wa farasi. Soksi unaikata ncha na kuiviringisha iwe duara lenye tundu katikati. Unapitisha mkia kwenye lile tundu, unazitandaza nywele kuifunika soksi, kisha unabana kwa pini. Pini zilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo mteja akiondoka na pini yangu nilimfuata mpaka sokoni.

Siri ya kazi iko kwenye kuvuta. Ukivuta sawasawa, ngozi ya pembeni mwa macho inarudi nyuma na kupanda, nyusi zinainuka, mashavu yanabebwa. Mama mwenye uso wa mviringo, uliolegea kwa kulea na kulima, anatoka kwangu macho kodo na uso umechongoka. Wengi walikuwa na nyuso za hivyo, na wote niliwafunga hivyohivyo, sifa zikaenea. Mtu akilalamika, "Dada, unanikaza mno," nilimjibu, "Wewe umekuja kupendeza au umekuja kulala?" Jamani, nilikuwa na mdomo!

Mimi mwenyewe nilijifunga fundo hilo kila siku kama sare. Nilijikaza mpaka kupepesa macho ikawa kazi. Nywele za pembeni mwa paji langu zilikuwa zimeanza kukimbia, mimi nikasema nimepata paji la uso la kisomi.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mwislamu, mtu mpole, na mkewe sote tulimwita Mama. Ukutani nilikuwa na kioo kimoja, ukubwa wa daftari la shule. Kilikuonyesha kuanzia nyusi hadi kidevu, basi. Ukitaka kuona fundo unainamisha kichwa, na ukiliona fundo, uso huuoni tena. Sikuwahi kufikiri kwamba hilo ni tatizo.

Basi akaja nesi mmoja wa zahanati, siku ya harusi yake, saa moja asubuhi. Misa ilikuwa saa nne. Alikuwa binti mrefu, mkimya, mwenye uso mwembamba na kidevu kirefu. Alifuatana na shangazi yake aliyebeba shela kwenye mfuko wa nailoni, akiushika kama mtoto mchanga.

Akakaa kwenye kiti, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nakuomba kitu kimoja tu. Tangu shuleni nimechekwa kwa huu uso. Leo nisichekwe."

"Leo watanyamaza," nikamwambia. Nikaweka kitana kwenye moto.

Nikamfanyia kazi ya maisha yangu. Nilivuta mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa ni bibi harusi nikaweka soksi mbili badala ya moja. Fundo likasimama. Juu yake nikachomeka shela, ili nayo ianzie huko juu. Akatazama kwenye kile kioo cha daftari, akaona macho yaliyoinuka na nyusi nzuri, akatabasamu. Mimi nikajipongeza moyoni.

"Twendeni kwa Mama ukajione mzima," nikasema. Mama alikuwa na kabati la nguo lenye kioo cha mtu mzima, kutoka kichwani hadi miguuni.

Tukavuka ua. Mama alikuwa anachambua mchele. Akainua macho, akaendelea kuyainua, ungo ukamtoka mikononi.

"Mtume! Mwanangu, mbona umemrefusha hivi? Mlangoni atapitaje?"

Shangazi mtu alisema neno la Kiiraqw ambalo siliandiki hapa. Bibi harusi akasimama mbele ya kabati. Kwa mara ya kwanza nikaona kazi yangu nzima, si nyusi na kidevu tu: kidevu kirefu, uso mrefu, paji tupu lililovutwa kama ngozi ya ngoma, juu yake fundo, juu ya fundo shela. Uso ulianza kifuani ukaishia darini. Yale macho yaliyoinuka yalimfanya aonekane ameshtuka, na sasa alikuwa ameshtuka kweli.

Hakupiga kelele. Akakaa kitandani kwa Mama na kusema, "Siendi kanisani."

 Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kusema ni kosa la pini, au la kioo, au la msusi wa Arusha. Mama akanikata: "Acha kusimama kama nguzo. Ulichopandisha, kishushe."

Nikashusha. Nilifungua fundo hapohapo mbele ya kabati, na nilipokata mpira uso wa yule binti ukalegea, nyusi zikarudi mahali pake, akashusha pumzi ndefu. Nikampasulia njia pembeni badala ya kuvuta zote nyuma. Zile za mbele nikazikunja kwa ncha ya kitana zikalala juu ya paji, likafupika. Za kwenye masikio niliziacha zijae kidogo, uso ukapata upana. Fundo nikaliweka chini kisogoni, soksi moja, bila kukaza, na shela ikaanzia nyuma. Kila nilichobadilisha nilikitazama kwenye kabati, hatua tatu nyuma, kama mtu anayejifunza kazi leo.

Akajiangalia muda mrefu. Kidevu kilikuwa kilekile, ila sasa kilikuwa na wenzake. Shangazi akaanza kupiga vigelegele peke yake mle chumbani.

"Nisamehe, mdogo wangu," nikasema. "Uso mrefu sikuuzoea."

Akanigeukia, ameshangaa kweli. "Hukuuzoea vipi, dada? Nilikuja kwako kwa sababu hiyo. Nilikuona sokoni na fundo lako, nikasema, huyu uso wake ni kama wangu, tena yeye hauonei haya. Huyu atanielewa."

Nikatazama kwenye kabati. Nyuma ya bibi harusi alisimama mwanamke mwenye uso mrefu kuliko wa kwake, na juu yake fundo. Miaka miwili nilikuwa nauona uso wangu kwa vipande. Mama akaangua kicheko, shangazi akamfuata, na mimi nikacheka huku nataka kulia. Nikapeleka mkono kwenye pini zangu, nje gari la harusi likapiga honi, na shangazi akanishika mkono kunipeleka kanisani nilivyo.

Picha ya siku ile bado iko sebuleni kwa yule nesi, ambaye sasa ni bibi. Yeye yuko katikati, amependeza, uso umetulia. Mimi niko nyuma yake kushoto, na fundo langu limekatwa na ukingo wa picha kwa sababu halikuenea. Mwaka jana nilipomtembelea, mjukuu wake mmoja alininyooshea kidole pale ukutani, hakujua ni mimi.

"Bibi, huyu mwenye uso mrefu ni nani?"

"Huyo," akasema, "ndiye aliyenitengeneza nisichekwe."