Mwaka Idd Ilipopakana na Krismasi

Wako watu waliozaliwa na sauti, na wako waliozaliwa na adabu. Tahiru wa mtaa wa Tanganyika, mjini Arua, alijaliwa vyote viwili, na vyote viwili vikamponza.

Kazi yake ilikuwa kutangaza. Tajiri akimkodi, Tahiru alifunga bomba la spika juu ya pikapu, akaketi nyuma na betri ya gari miguuni na maiki mkononi, wakazunguka mji. Siku za kawaida alitangaza mpira na minada ya ng'ombe. Lakini jina alilipata kwa salamu za sikukuu. Arua ni mji wa mchanganyiko: Wanubi wa msikitini, Walugbara wa kanisani, Wakakwa wa huku na huku, na nyumba nyingine mume ana tasbihi na mke ana rozari. Ukikosea salamu mbele ya watu hao, kosa lako litasikika mpaka Dadamu, nje ya mji.

Kwa hiyo alikuwa na kanuni zake. Sikukuu aliiita kwa jina waliloipa wenyewe: Idd ikawa Idd, Krismasi ikawa Krismasi, hakujitia usheikh wala upadri. Aliwasalimu wenye sikukuu kwanza, kisha majirani wanaokula nao. Siku za taifa alisema "wananchi wote, heri ya leo," akakomea hapo, maana miaka ile ukiongeza neno lilisikilizwa na watu usiowajua. Jina la duka lililomlipa alilitaja mara moja tu, mwishoni. Bei hakutaja kamwe. "Salamu ukiichanganya na bei," alikuwa akisema, "mutu nabaki na bei."

Na ilikuwapo kanuni iliyozidi zote: nyumba yenye msiba haipigiwi kelele za heri. Akiikaribia, alizima spika, akapita kimya, akaiwasha tena mbele huko. Mtaa mzima uliijua desturi hiyo. Spika ikizimwa mlangoni kwa mtu, wanawake walijifunga vitenge wakaenda kulia naye, hata kama habari yenyewe ilikuwa bado haijawafikia.

Mwaka 1974 Idd ya kuchinja iliangukia mkesha wa Krismasi. Aliyemkodi mwaka huo alikuwa Kenyi, tajiri mpya, ambaye duka la Mhindi aliyefukuzwa aliangushiwa kama embe kwa kuwa kaka yake alikuwa mkubwa jeshini. Biashara hakuijua. Sukari ndiyo iliyomjua, maana siku hizo sukari ilisafiri kwa malori ya jeshi.

"Sema Idd, sema Krismasi, halafu sema sukari iko kwa Kenyi," tajiri akaagiza, akiwa ameshika usukani mwenyewe.

"Afande, leo tusalimie watu tu. Sukari watu nasikia harufu yake."

"Mimi nalipa salamu ya bure?"

"Watu nakumbuka nani alisalimia yeye vizuri. Kesho kutwa nakuja yenyewe."

Kenyi akacheka, akakubali. Tahiru hakucheka. Tangu alipotoka mji wa Koboko wiki moja kabla, alikuwa na habari asiyoweza kuitangaza.

Huko Koboko binamu yake Asuman, dereva wa lori la jeshi, alimvuta nyuma ya jiko akamnong'oneza habari za Soro. Soro alikuwa koplo, Mlugbara, jirani yake Tahiru ukuta kwa ukuta. Mwaka ule askari Walugbara walikuwa wakiitwa ofisini mmoja mmoja wasirudi. "Mimi nabeba maiti yake na mikono hii," Asuman alisema. "Hapana sema kwa mutu. Ukisema, kesho watu nabeba mimi."

Na Drateru, mke wa Soro, alikuwa akipaka nyumba udongo mpya. Mumewe alimtumia salamu kabla ya hayo yote kwamba Krismasi angekuja.

Siku nzima Tahiru aliisuka salamu ya nyumba ile moja. Asingesema furaha. Angesema "Mungu awe na nyinyi," neno lisilo uongo, kisha apite. Kuzima spika asingethubutu, kwa kuwa kuzima kungekuwa kutangaza kifo, na kila mtu angeuliza aliyekitangaza alikijuaje.

Alasiri pikapu ikaingia mtaani. "Waislamu wa Arua, Idd Mubarak! Majirani zetu Wakristo, Krismasi njema! Tule pamoja, tusameheane!" Watoto wakakimbia nyuma, wazee wakapunga mikono. Walipofika kwa Soro, Drateru alikuwa amesimama katikati ya njia, jogoo kwapani, akizuia gari. Kila mkesha wa Krismasi alimletea Tahiru jogoo amchinje yeye, ili watoto wa Tahiru nao wapate kula bila wasiwasi.

"Shemeji, chinja haraka! Bwana yangu iko njiani!"

Tahiru akazima spika. Hakuzima kwa maana yoyote. Nani anamsemesha mama wa watu kwa bomba? Alizima ili amjibu, kama mtu yeyote mwenye adabu. Lakini ng'ambo ya njia bibi Hajara, ambaye macho yalishamwacha na masikio kumbakia, alisikia salamu zikikatika mlangoni kwa Soro. Akajishika kichwa, akapiga yowe. Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu. Wanawake wakatoka mbio wakijifunga vitenge juu ya nguo zao mpya za Idd.

Drateru akawatazama, kisha akamtazama Tahiru. "Hii watu nalilia nani?"

Kenyi akatoa kichwa dirishani. Hakuwa akicheka tena. "Nani amekufa hapa? Nani amesema?"

Tahiru aliona akilini mikono ya Asuman. Aliona watoto wake mwenyewe.

"Shemeji," Drateru akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Washa. Kama hakuna kitu, washa, salimia mimi."

Akawasha. Ile "Mungu awe na nyinyi" aliyoisuka siku nzima isingetosha sasa, naye alijua. "Krismasi njema," akasema, na bomba likaitupa mpaka barabarani. "Krismasi njema kwa Drateru, na kwa Soro, na kwa nyumba yote. Kutoka duka la Kenyi."

Vilio vikakoma. Drateru akaangua kicheko cha mtu aliyetolewa kitanzini, akawageukia wanawake: "Nyinyi nafanya nini? Tahiru amesalimia!" Bibi Hajara akaomba radhi kwa kuwatia watu nuksi. Kenyi akawasha gari. Tahiru akamchinja jogoo kwa Bismillahi, na usiku wake nyama ililiwa nyumba zote mbili, yeye akidai tumbo linamuuma.

Alitangaza miaka mingine minne, na sauti haikupungua. Watu walimsifu. Mimi nasema laiti mji ule ungekuwa na mtangazaji mwongo, anayeuza sukari kwa jina la Mungu, ambaye hakuna anayemwamini.

Mwaka 1979 vita ilipokaribia Arua, mtaa mzima ulibeba magodoro kuelekea mpaka wa Zaire. Tahiru alipita kwa jirani yake. Alimkuta Drateru ameketi mlangoni, hana hata furushi. Hapo ndipo alipomwambia yote: Asuman, maiti, yule jogoo. Aliyasema akilia.

Drateru alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa homa.

"Wewe naogopa vita, shemeji," akasema. "Kimbia na watoto. Mimi nangoja Soro. Siku ile ulisalimia yeye na spika, watu yote nasikia. Na wewe hapana nadanganya mutu siku ya sikukuu."