Orodha Yenye Sahihi Mbili
Katika duka letu la uchapaji hapa Kamembe mimi ndiye msahihishaji, na sivumilii neno moja kuandikwa kwa sura mbili. Kwa kijitabu cha wakulima wa mpunga wa Bugarama niliandaa orodha: baiskeli, si baisikeli, maalumu, si maalum. Tuliisaini mimi na mama aliyekiandika: atakayegusa neno la orodha atarudia usomaji kuanzia ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa arobaini nilichoshwa na "maalumu", nikakata ile u ya mwisho. Yule mama akanisogezea orodha.

"Papa, hii sahihi ni ya nani?"

Nilikuwa na hoja tatu nzuri sana. Nilizimeza, nikafungua ukurasa wa kwanza.