Dole Gumba la Bibi

Chuo chetu kilikuwa kati ya mawe makubwa nje ya mji wa Singida, na sheria zake zilikuwa ngumu kuliko mawe yenyewe. Sketi chini ya magoti. Kusaini mahudhurio kila kipindi. Mimi nilisoma kwa ufadhili, na barua ya ufadhili ilisema wazi: ukisimamishwa kwa kosa la nidhamu, ufadhili umekwisha. Kwetu ni kijiji cha Issuna, na sikuwa na mpango wa kurudi kule bila shahada.

Mwaka wa pili nilikuta karatasi ndani ya kitabu nilichoazima maktaba. Iliniita Jumamosi saa tisa alasiri, chumba cha majarida ya zamani. Nikaenda. Niliwakuta sita wamezunguka meza ndefu, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Walijiita Meza. Viti vilikuwa saba, na kila anayehitimu alimchagua wa kurithi chake baada ya kumchunguza muhula mzima. Mimi walinichagua kwa sababu naandika vizuri. Sitaficha, nilifurahi. Binti wa mkulima wa alizeti kuitwa msomi na watoto wa wakubwa, kichwa kilivimba.

Sharti la kuingia lilikuwa moja: andika kwa mkono wako kosa ambalo likijulikana litakuumiza, weka sahihi, tumbukiza ndani ya sanduku. "Ndiyo namna ya kuaminiana," alisema mwenyekiti, kijana mpole wa darasa langu. Niliandika kwamba niliwahi kumsainia mahudhurio rafiki yangu aliyekuwa mgonjwa. Ufunguo wa sanduku alikaa nao yeye. Kwa mwaka mzima nilipata vitabu adimu na mijadala mitamu, sikuombwa kitu. Mtego haumwiti panya kwa fimbo.

Mwaka wa tatu ulikuwa wa utafiti. Likizo nilirudi Issuna nikawahoji wanawake wazee jinsi walivyoficha mbegu miaka ya njaa. Nilihoji kwa Kinyaturu, wa kwanza akiwa bibi yangu mwenyewe. Kila mmoja alisomewa fomu ya ridhaa mbele ya shahidi, na asiyejua kuandika aliweka dole gumba.

Niliporudi, mwenyekiti alinisubiri mezani. Hakuwa amekwenda kijiji chochote, na muda ulikuwa umemwishia.

"Dada, nipe mahojiano yako," alisema. "Wewe una lugha, utakusanya mengine."

"Fomu zina jina langu."

"Kachukue madole upya." Alinisukumia fomu mpya zenye jina lake, kisha akagusa sanduku kidogo tu, kama mtu anayempapasa paka.

Nilizichukua. Nasema hivyo kwa aibu, lakini nilizichukua, nikapanda basi hadi Issuna.

Bibi alikuwa anapepeta mtama uani. Nilimwamkia, nikamwambia kuna karatasi imeharibika, aweke dole tena. Akajifuta mikono kwenye kanga, akamwita jirani aliyeshuhudia mara ya kwanza, akaketi.

"Soma," alisema kwa Kinyaturu.

"Ni ileile, bibi."

"Kama ni ileile haitakuchosha. Soma."

Nikaanza. "Mimi mtafiti ninayeitwa..." Hapo ulimi ukagoma. Wale wawili wakaniangalia. Ningeweza kutamka jina langu badala ya la mwenyekiti, wala wasingejua, na hilo ndilo lililonitia hasira: kwamba ilikuwa rahisi namna ile. Nilikunja fomu zote nikazitia mkobani.

"Imeharibika kweli," nilisema.

"Basi iache," alijibu bibi, akarudi kwenye ungo wake.

Asubuhi iliyofuata nilirudi chuoni, na sikupitia Mezani. Nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi, mama mkali asiyewahi kutabasamu, nikampa shikamoo na fomu zile, nikamweleza kuhusu sanduku. Kisha nikataja kosa langu la mahudhurio kabla hajaniuliza. Niliongea yote. Karatasi yangu iliyokuwa ndani ya sanduku haikuwa na kazi tena.

Sanduku lilikamatwa, Meza ikavunjwa, mwenyekiti akafukuzwa. Nami nilisimamishwa mwaka mzima kwa kosa la mahudhurio, na kwa kuwa nilibeba fomu za uongo hadi kijijini, mahojiano yangu yakafutwa. Wafadhili walichukua wiki sita kujibu. Waliandika kwamba, kwa kuwa nilijisema mwenyewe, nafasi yangu itasubiri. Mwaka ule nililima alizeti na kuvumilia vicheko vya wapita njia, na kila jembe nililoinua nilijua nalipia nini.

Muhula ulipofunguliwa nilianza upya, kwa mhojiwa wa kwanza. Bibi aliketi, jirani akaja.

"Soma," alisema.

Nikasoma toka juu. Nilipofika kwenye jina akaninyamazisha kwa kidole.

"Hilo la nani?"

"Langu, bibi."

Akachovya dole kwenye wino.