Saa za Kusalimia Mti

Sina uvumilivu na mtu anayesema watu wa huku ni wavivu. Huyo hajawahi kusukuma mti wa mashine ya mawese hata kwa asubuhi moja. Mashine yenyewe ni pipa la chuma lililosimikwa ardhini, ndani lina vyuma vya kuponda chikichi na kuzikamua, na juu lina mti mrefu. Wanawake huushika mti huo wakazunguka, wakazunguka tena, mpaka mafuta mekundu yaanze kuchuruzika kwenye beseni. Ukimaliza siku, miguu inakuwa haijui tena kwenda moja kwa moja.

Mashine hiyo ilikuwa ya shangazi yangu, Ujiji, nyuma ya nyumba yake. Goti lilipoanza kumsumbua aliniita nikamsimamie kazi, nami nikaenda nikijiona bosi. Nilikuta wanawake watano. Malipo yao yalifuata mila ya pale: si hela, ni mafuta. Lita mbili kwa kila mmoja kila jioni, akauze au akapikie.

Wiki ya kwanza tu walinizunguka. Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni mama mmoja ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alinishika mkono akaniambia, "Dada, miye siko ng'ombe ya kuzunguka kutwa. Lita mbili ni za zamani. Tunataka tatu. Ile mashine ya njia ya Buzebazeba wanalipa tatu. Msimu ukiisha bila tatu, sisi tunahama."

Nikawaahidi. Niliahidi kabla ya kuuliza, ndiyo tabia yangu, na mpaka leo sijaiacha.

Shangazi aliponisikia alicheka kwanza, kisha akanuna. Aliniambia alishawahi kulipa lita tatu, msimu mmoja mzima. Ile lita ya nyongeza aliitoa kwenye fungu la kutengenezea mashine. Chuma cha ndani kilipokatika hakuwa na kitu cha kununulia kingine, mashine ikalala miezi miwili, na wale aliowaongeza wakalala nayo bila hata lita moja. "Sikatai kuwapa," alisema. "Nionyeshe inakotoka."

Lile neno liliniingia. Niliudhika kwa sababu alisema kweli.

Nikaanza kutafuta inakotoka. Shangazi alijisifu kwa madebe: kila siku tulijaza manne, yaani lita themanini, na hakuna jirani aliyetufikia. Lakini lita themanini hazikuwa zetu zote. Wakulima walioleta chikichi na mwenye kuni walichukua lita sitini. Ishirini zilizobaki ndizo zilizotokana na mikono yetu na ile mashine. Kumi zilikwenda kwa wanawake watano, kumi kwa shangazi. Humo ndimo nilimotakiwa kupata lita tano zaidi bila kuua mashine.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema tungoje mafuta yapande bei. Ni kweli bei ikipanda wote tunacheka, lakini bei ile hatuipandishi sisi, na ikishuka inashuka na kicheko chetu. Mwingine alisema tufanye kazi mpaka magharibi. Hilo lilinikera zaidi. Ukiongeza saa ukapata mafuta zaidi, hujaboresha kitu, umejichosha tu. Nilitaka kujua saa moja ya mtu mmoja inatoa nini.

Basi nikaweka kopo la maziwa kando ya mashine, na rundo la mise, zile kokwa ngumu zinazobaki chikichi ikishakamuliwa. Kila saa ikitimia kwenye simu yangu, nilitia kokwa moja koponi kwa kila mtu aliyekuwa kazini. Aliyezunguka alipata kokwa. Aliyekaa akingoja chikichi zichemke naye alipata, kwa sababu kungoja nako kulikula siku yake. Wanawake walinitania kwamba nimeanza uganga.

Nilitarajia kokwa arobaini: watu watano, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Jioni nilizimwaga juu ya mkeka nikazihesabu, zikawa hamsini. Kesho yake, hamsini tena.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Mtu akiingia mahali pa mashine, awe jirani au mkulima aliyeleta mzigo, haanzi na maneno. Anashika mti, anazunguka mara tatu na waliopo, ndipo anasema "Mwakeye" au "Shikamoo". Tunaita kusalimia mti. Ni adabu nzuri na bado naipenda. Ila hakuna aliyewahi kuwahesabu wasalimiaji, kwa kuwa nani anahesabu salamu?

Wapita njia wote kwa pamoja walichangia kokwa tatu. Kokwa saba zilizobaki zilikuwa za mtu mmoja.

Zilikuwa za mama yangu.

Mama alikuja kila siku saa mbili asubuhi kumsalimia wifi yake. Alishika mti. Mizunguko mitatu ikawa thelathini, kisha akapepeta, akachota maji, akachochea moto, na saa tisa akafunga khanga yake akarudi nyumbani mikono mitupu. Alianza baba alipofariki, kwa kuwa nyumba ilimlemea, na hakuacha tena. Sikukuu shangazi alimpa dumu la mafuta, wakakumbatiana. Nilikulia ndani ya jambo hilo nikaliona la kawaida kama mlango wa nyumba yetu.

Nilikaa pale mkekani nikiwa na zile kokwa saba mkononi, nikaona aibu. Sio aibu ya shangazi, yangu. Mimi ndiye niliyezitia koponi siku mbili mfululizo bila kutazama uso wa mwenye nazo.

Na sifa zetu zikaanguka hapohapo. Tulikuwa tukisema watano wanabakiza lita ishirini kwa saa arobaini, yaani lita moja kwa kila saa mbili. Ukweli ulikuwa lita mbili kwa kila saa tano. Tulikuwa chini ya tulivyojidhania, na kilichotuficha ni mgongo wa mama.

Nilimwendea shangazi na kopo langu. Alisikiliza, kisha akasema, "Wifi analipwaje? Nitampimia lita kama kibarua? Atanionaje?" Nilimjibu kwa hasira ambayo bado naijutia kidogo. Nilimwambia kwamba heshima ambayo mtu hawezi kuipikia ni nusu ya heshima. Aliinuka akaniacha na chai yake.

Siku tatu hakusema nami. Mimi nikaendelea na kopo langu, kwa sababu kila nilipotia kokwa niliona pia saa zilikopotelea. Kila asubuhi saa mbili nzima zilipita watu wamekaa: moto uliwashwa wote wakishafika, na chikichi huchukua karibu saa mbili kulainika. Halafu pipa la kuchemshia lilikuwa ng'ambo ya nyumba, hatua arobaini kutoka kwenye mashine. Tulibeba kwa mabeseni, chikichi zikifika zimepoa. Chikichi iliyopoa ni ngumu, unaiponda mara mbili, na bado inaondoka na mafuta yake kwenye makapi.

Kwa nini pipa lilikuwa kule? Marehemu mume wa shangazi ndiye aliyelijengea mafiga, na baada ya kifo chake hakuna aliyethubutu kuyagusa.

Siku ya nne nilimwambia shangazi jambo hilo kwa upole, jinsi ninavyojua mimi upole. Kisha akasema, "Yeye aliyaweka kule ili moshi usinifikie kitandani, wakati nina mimba. Mtoto mwenyewe sasa ana watoto." Akachukua fimbo yake, akachechemea hadi kwenye mafiga, akayapiga kidogo kama anayebisha hodi. "Hamisheni."

Tulihamisha kwa siku moja. Tukakubaliana chikichi zichambuliwe tangu jana yake, na kwa zamu mmoja wetu awahi kuwasha moto na awahi kuondoka. Chikichi zikawa zinatoka pipani zikifuka moshi na kuingia moja kwa moja kwenye mashine. Siku za kwanza tuliungua vidole na kugombana kuhusu zamu. Mama wa Kikongo alitishia kuhama mara mbili kwa siku moja. Nami nilishikilia. Nilikuwa nimeahidi, na sasa nilikuwa nimejua inakotoka.

Wiki ya pili mambo yakakaa sawa. Kutoka kwenye mzigo uleule wa chikichi tulipata lita tisini badala ya themanini. Sitini zikaenda kwa wakulima na mwenye kuni, zikabaki thelathini. Kazi iliisha saa saba mchana. Kopo lilikuwa na kokwa thelathini na sita, za wanawake sita kwa saa sita, maana mama naye sasa alianza saa moja. Wapita njia niliwaomba wasalimie kwa mdomo tu. Lita tano kwa kila saa sita: zaidi ya mara mbili ya mwanzo, na hakuna aliyekimbia.

Mafuta yaliongezeka, malipo hayakuongezeka. Hilo nililishuhudia kwa macho yangu. Siku nne shangazi aliendelea kupima lita mbili, akisema mashine ni yake na mafiga ni ya mumewe. Wanawake wawili wakaonekana njia ya Buzebazeba wakiulizia kazi. Shangazi akajua, maana Ujiji hakuna siri. Nikamhesabia mbele ya macho yake: watu sita kwa lita tatu ni kumi na nane, kwako zinabaki kumi na mbili, mbili zaidi ya zamani, na mashine haitalala.

"Watu sita?" aliuliza. Tulikuwa na watano.

Nilimwonyesha mama, aliyekuwa akipepeta.

Bibi yangu alitwanga chikichi kwa kinu, kutwa nzima, akapata mafuta ya kujaza kibuyu. Hakuwa mvivu kuliko sisi. Nadhani alituzidi nguvu. Saa yake ndiyo iliyotoa kidogo, basi akala kidogo, na hakuna tajiri ambaye angeweza kumlipa mafuta ambayo hayakutoka kinuni. Nalifikiria hilo kila ninaposikia neno uvivu.

Siku ile kazi ilipoisha, shangazi alipima mwenyewe. Aliita mmoja mmoja, akamimina lita tatu tatu. Wa mwisho alimwita, "Wifi." Mama alikuwa ameshafunga khanga yake, anataka kuondoka.

"Mimi nimekuja kusalimia tu," mama alisema.

"Najua. Nimechelewa kuitikia," shangazi alijibu, akamimina. Mafuta yakamwagikia chini kidogo. Akaongeza mengine kufidia yaliyomwagika.

Nilitembea na mama hadi nyumbani. Alikataa nimsaidie kubeba. Alipofika aliweka kidumu juu ya meza, akakaa mbele yake bila kuvua khanga. Nikamuuliza kama atayauza au atayapikia.

"Subiri kwanza," aliniambia. "Sijawahi kuyaona yakiwa yangu."